Mstari wa Juu Mtupu

Mwalimu wa kwaya alijua kusoma nota kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na hakuwa mtu wa kuficha hilo. Baba yake, seremala aliyependa gitaa, hakuzijua kabisa. Aliandika nyimbo zake kwa tablatura, mistari sita yenye namba, na binti alipokuwa msichana alimtania kwamba anaandika namba za simu. Mzee alicheka tu. Sasa ni miaka minne tangu aage dunia, na mama yake mwalimu, anayetimiza themanini Jumapili, ameomba kitu kimoja: wimbo ulio kwenye daftari la marehemu.

Mwalimu alikaa nalo sebuleni, akatoka kapa. Alidhani zile ni namba za vidole, kama kwenye nota za kinanda, mpaka akakutana na saba. Kidole cha saba akikope kwa nani? Ikabidi ameze kiburi, amwite mdogo wake, fundi redio, aliyerithi gitaa.

Mdogo mtu alimweleza taratibu. Kila mstari ni uzi: wa juu ni uzi mwembamba kuliko zote, wa chini ni mnene. Namba ni nafasi ya kubana shingoni; sifuri, uzi haubanwi. Nota hukwambia sauti gani ilie na kwa muda gani. Hii ya mzee hukwambia kidole kiende wapi, basi. Muda waliuomba kwa mama, aliyeugonga mezani kwa kifundo cha kidole bila kukosea, na mwalimu akauandika kwa penseli chini ya namba.

Hapo ndipo alipoona mstari wa juu ni mtupu, ukurasa mzima. Akasema mzee alijitesa bure. Alipanda hadi nafasi ya tano ya uzi wa pili, wakati uzi wa kwanza, bila kubanwa, unatoa sauti ileile. Kwenye nota ingekuwa alama moja tu, na hakuna ambaye angejua tofauti. Mdogo wake akashauri wapite njia ya mkato.

Mama akaacha kugonga.

"Uzi huo haukuwepo," alimwambia mwalimu. "Ulikatika wiki uliyozaliwa wewe, mwanangu. Alikwenda kununua mwingine, akarudi na maziwa yako ya kopo, maana mimi nilikuwa hoi. Wimbo huo alikuwa akikubembelezea wewe. Mimi nilikuwa nausikiliza tu kutoka kitandani."

Mwalimu alilitazama daftari mpaka namba zikapotea kwenye machozi. Alimshukuru baba yake kwa sauti, mbele yao wote, na kwa yale matani akamwomba radhi.

Jumapili, mdogo wake alipokuwa akikaza nyuzi, mwalimu alimshika mkono.

"Utoe wa kwanza."

"Dada, huu ni mpya."

"Utoe."

Akautoa, akauviringisha, akampa. Mama akagonga meza mara mbili, na gitaa likaanza kwenye nafasi ya tano. Mwalimu aliushikilia ule uzi kiganjani mpaka wimbo ukaisha.