Mngurumo wa Jumapili

Fundi mkuu wa karakana ya misheni pale Masasi alinipa hadi Jumapili ya sikukuu. Kipaza sauti cha kanisani kikiendelea kunguruma, narudi kwenye useremala. Nami randa nilikuwa nimeichukia, afadhali kulima mihogo.

Mngurumo ulitoka kwenye jenereta: mitetemo hamsini kwa sekunde. Nikapiga hesabu ya kichujio cha kuumeza: rezista za kilo-ohm mia tatu na ishirini, kapasita za sehemu moja ya mia ya mikrofaradi. Palipohitaji rezista ya nusu ya thamani hiyo nikaunga mbili sambamba. Palipohitaji kapasita ya thamani maradufu, vilevile. Nikaingiza volti moja kutoka kwenye mashine ya kupimia, nikazungusha kitufe cha kubadili mitetemo. Kwenye hamsini mshale wa mita ulishuka, lakini ukagoma kwenye sehemu ya kumi ya volti. Nilikuwa nimeamini rangi zinazotaja thamani ya rezista, mjinga mimi! Nikazipima moja moja, nikachagua zinazolingana, kapasita nazo vivyo hivyo. Mshale ukazama hadi karibu sehemu ya elfu. Nikacheza peke yangu karakanani.

Jumamosi tukajaribu kanisani: kimya kitamu. Fundi mkuu akaguna tu, kwake hiyo ni sifa.

Jumapili, padre hajamaliza hata salamu, mngurumo ukarudi! Tena mzito kuliko ule niliousikia siku za kazi. Mzito? Basi mitetemo imepungua, na kichujio changu humeza hamsini tu. Na taa nazo zilikuwa zimefifia. Nikatoka mbio, kanzu ya kwaya mkononi, hadi banda la jenereta.

Mwangalizi wake, mzee wa Newala, alikuwa amekaa mkao wa ibada.

"Shikamoo babu! Umeigusa mashine?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeipunguza mwendo. Kila Jumapili naipunguza, isipige kelele watu wakisali."

Jumamosi hakukuwa na sala! Nilicheka hadi nikashika ukuta.

"Babu, nakuomba, iongeze kidogo."

"Wakati wa sala?"

"Kwa ajili ya hiyo hiyo sala!"

Akazungusha kidhibiti polepole. Kutoka kwenye spika ya nje tukausikia mngurumo ukipanda, ukikonda, ukapotea. Mzee akafurahi, akaongeza tena. Ukarudi kwa upande wa pili, mwembamba.

"Umepitiliza! Rudisha!"

Akarudisha kwa ncha za vidole, kichwa kando, kama anayeonja chumvi. Ukapotea kabisa. Padre akasikika akikohoa, wazi kabisa, na sisi wawili tukapongezana kwa makofi ya mabegani mbele ya Mungu na mafuta machafu.

Tangu siku hiyo mzee hakuipunguza tena. Kila Jumapili alisimama karibu na spika ya nje, akaitafuta hamsini kwa sikio, bila mita yoyote.

Jumatatu iliyofuata sikukuu ile nilikuta meza yangu ya useremala imepewa mtu mwingine. Fundi mkuu alinisogezea redio mbovu tatu.