Tumbo Langu na Miguu ya Binti Yangu

Mimi ni mtu wa kushuku, wala sioni haya kulisema. Mke wangu hudai hata chumvi ya dukani naionja mara mbili, nisije nikawa nimeuziwa kitu kingine. Kwa hiyo kocha wa klabu yetu ya Jumamosi aliponiambia niache ugali, mihogo, viazi, ndizi, wali, maharagwe na sukari, badala yake nile mayai, nyama, ndagala, yaani dagaa, parachichi na mboga zilizopikwa kwa mawese mengi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumtazama mifukoni. Nilikuwa natafuta kopo la dawa atakayoniuzia mwisho wa maneno yake. Hakuwa nalo, na hilo likanizidishia shaka.

Hapa mjini kwetu Gitega, Jumamosi asubuhi, watu hutoka kukimbia klabu kwa klabu, fulana za rangi moja, nyimbo za kupokezana, kupanda kilima na kushuka. Mimi nilikuwa wa nyuma kabisa, pamoja na wenzangu wenye matumbo. Ni fundi cherehani, nakaa kutwa, na tumbo langu lilikuwa linafika kwenye mashine kabla yangu. Kwenye zahanati walikuwa wameshaniambia sukari imeanza kupanda. Sikuwa bado wa kupewa vidonge, lakini nikiendelea hivyo nitavifikia.

Wa mbele kabisa alikuwa binti yangu. Alikuwa anamaliza shule, anakimbia mita elfu moja mia tano, na mwaka ule alikuwa na jambo moja tu kichwani: mchujo wa Muyinga. Watakaotangulia kule wangechukuliwa kwenye kambi ya mazoezi, wasome na kukimbia. Asipopita, angekuja kukaa cherehani ya pili, pembeni yangu, kushona sare za watoto wa watu. Hakuichukia kazi yangu, lakini nilimwona jinsi anavyoitazama ile mashine.

Kocha mwenyewe ni Mkongomani wa Uvira, muuza vitenge sokoni. Zamani alikuwa mnene kuliko mimi, na kwa chakula hicho hicho akapungua, akawa anakihubiri kwa kila mwenye kitambi. Hayo yangepita. Ila alikuwa na mpwa wake wa kike aliyekuwa anakimbia mbio zile zile za binti yangu, naye alikuwa anakwenda Muyinga. Hapo machale yakanicheza.

Hata hivyo tumbo lilinishinda nguvu, nikaenda kumwuliza muuguzi. Akataka kwanza kujua kama kuna dawa yoyote ya sukari ninayotumia, kwa sababu anayetumia akiacha wanga ghafla sukari yake inaweza kushuka mno, na mtu kama huyo haanzi bila wao kumwangalia. Nikasema situmii. Akaniambia nijaribu, ila nirudi nipimwe.

Mwanzo hakukutokea kitu. Nilikula mayai mpaka nikaona aibu mbele ya kuku, na mkanda ukabaki tundu lile lile. Nikamwendea kocha sokoni, mbele ya wateja wake, nikamwambia ni mwongo. Akaniuliza nakula nini. Nilipofika kwenye maharagwe akaweka kitenge chini, akacheka mpaka akakaa. Mke wangu alikuwa ameondoa ugali na ndizi, lakini maharagwe ameyaacha asubuhi na jioni. Kwetu hapa nani anaondoa maharagwe? Yeye aliyahesabu kuwa nyama, kama tulivyoyahesabu sote tangu utoto. Kocha akanieleza kwamba yana wanga wa kutosha kuharibu mpango wote, na kwamba hii njia haifuatwi nusu nusu.

Tukayaondoa. Hapo ndipo nilipougua kweli: kichwa kikaniuma, kiu, na hasira za bure. Kocha akasema ninywe maji na supu yenye chumvi, nisitishike. Nilishuku anataka kuniua polepole, lakini supu niliinywa. Baada ya siku kadhaa ukungu ukaondoka, njaa ya saa nne ikapotea, na tumbo likaanza kurudi nyuma. Zahanati wakapima, sukari imeshuka. Nilikasirika kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa kumkamata mtu.

Sasa, nyumbani kwetu tunakula sinia moja. Binti yangu alikuwa ananiona napanda kilima bila kuhema kama ng'ombe, na jioni moja akasema naye atakula kama mimi. Alisema akipungua kidogo atakuwa mwepesi, na akiwa mwepesi ataongeza kasi. Mama yake akafurahi, kwa kuwa alikuwa amechoka kupika vyakula vya aina mbili. Hakukuwa na kitambi cha kupunguza kwenye mwili ule, ungeweza kumkunja kama kitambaa. Lakini nani angemkataza, na mfano nilikuwa mimi?

Wiki ya kwanza mizani ikashuka haraka, tukashangilia. Jumamosi alikimbia na klabu huku anaimba, hana neno, pumzi zake tulivu kuliko zamani. Shida ilikuwa uwanjani, kwenye mbio zenyewe. Mizunguko ya mwanzo alikwenda vizuri, halafu wa mwisho, pale anapotakiwa kuchomoka, miguu ikawa inamgomea. Alirudi na muda mbaya, akarudi na mbaya zaidi. Alianza kunyamaza mezani.

Mimi nikaanza upelelezi. Kwanza nilidhani kuna kijana, nikawa namsindikiza mazoezini kwa kisingizio cha kunyoosha miguu. Hakukuwa na kijana. Mama yake akasema ni jicho la watu, akamsomea dua. Kisha nikaishuku saa ya kocha, kwamba huenda inapunja, nikaja na simu yangu nikapima mwenyewe kutoka kwenye majani. Simu ikasema kama saa. Kilichobaki ni kocha mwenyewe na mpwa wake, na hapo nikatulia, kwa sababu mshukiwa nilikuwa nimempata.

Siku moja kabla ya mchujo tulikwenda Muyinga, tukafikia kwa dada yangu. Kocha na mpwa wake walilala nyumba ya wageni karibu na soko. Baada ya alasiri nikaaga kwamba nakwenda kuwasalimu. Kusema kweli nilikwenda kuwachungulia. Niliwakuta kwenye mgahawa: mpwa ana sahani ya wali, ndizi za kukaanga na maharagwe juu yake, kilima kizima; mjomba wake pembeni na mayai na parachichi.

Damu ilinipanda. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, maana watu walikuwepo, kwa nini mtoto wake anakula wali na wangu amemnyima.

Kocha akaacha kutafuna. "Fundi, uyu mtoto wako anakula kama we?"

Nikasema tunakula sinia moja.

"Tangu lini?" Nikamwambia. Akafuta mikono taratibu. "Mi ile nilikupa we. We iko na tumbo, sukari ilipanda, na kazi yako ni kukaa. Yeye hana tumbo. Anakimbia kwa nguvu, na ile nguvu ya haraka inatoka ku wanga, yenye inakaa ndani ya misuli. Mafuta inatosha kwa kwenda pole pole. Kwa kuchomoka, non. Mi nilijaribu iyi na mpwa wangu mwaka uliopita, nikaona, nikaacha. Mbona hamukuniuliza?"

Akasema nimpe leo leo ugali, ndizi, wali, chochote alichokizoea, na kesho asubuhi pia. Hakuahidi kwamba itatosha. Nilirudi kwa dada yangu nikiwa na mashaka mapya kabisa: huyu anataka mtoto wangu ajaze tumbo usiku wa kuamkia mbio. Nikamweleza binti yangu yote, pamoja na shaka yangu. Alinisikiliza huku anakaza kamba za viatu vya kesho.

Magharibi ilipopita dada akaleta sinia: ugali wa muhogo, ndizi za kupika, maharagwe na samaki wadogo wa kukaanga. Mimi na binti yangu tukanyoosha mikono kwenye samaki peke yao. Nikawa natafuta maneno ya kumweleza dada habari za kocha, sukari na misuli, lakini yeye alikuwa ameshaona. Kwetu, mgeni anayeacha chakula cha watu amesema neno zito bila kufungua mdomo: naogopa ulichoweka humu. Na huyu ni dada yangu wa tumbo moja.

Akachukua kijiko. Akaonja ugali, akaonja ndizi, akaonja maharagwe, kila kimoja mbele yetu, macho yake yako kwangu.

"Mi nimeonja, kaka," akasema. "Kama iko kitu ndani, nianguke mbele yenu."

Nilijisikia vibaya mpaka masikio yakaniwaka. Kabla sijafungua mdomo, binti yangu akaivuta sinia upande wake, akamwambia shangazi yake amsamehe, akala. Alikula kama mtu aliyerudi kutoka safarini. Asubuhi alikula ndizi mbivu na chai ya sukari, na dada akawa anamwongezea huku ananikata jicho.

Mbio zilianza jua likiwa bado dogo. Mzunguko wa kwanza alikuwa katikati, wa pili akasogea, wa tatu yuko na wa mbele, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa wiki nyingi. Nikaanza kupiga kelele, mimi nisiyepiga kelele. Kwenye kipande cha mwisho kilichonyooka mpwa wa kocha akachomoka. Binti yangu akajaribu kumfuata, nikaiona nia yake mabegani, lakini miguu haikwenda nayo. Akapitwa na mmoja, akapitwa na mwingine. Alimaliza wa nne. Walichukuliwa watatu.

Kocha alikuja kusimama karibu yangu, hakushangilia ushindi wa mpwa wake. Akasema chakula cha jana usiku kimesaidia, umeona mwenyewe, lakini mlo mmoja hauwezi kurudisha kila kitu, misuli ilikuwa imeshazoea kazi nyingine. Angeanza wiki mbili nyuma, alisema, yangekuwa mengine. Nilikuwa namtazama yule aliyepiga filimbi, nawatazama wasichana waliomzunguka wangu kabla ya kuanza, nakumbuka nani alisimama wapi na chupa gani.

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye majani, viatu amevua. Nikachutama mbele yake, nikainamisha kichwa ili wengine wasisikie.

"Niambie ukweli," nikasema. "Kuna mtu alikupa kitu?"

Akainua macho. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Ndiyo, baba," akasema. "Wewe."

Kisha akalaza kichwa magotini akalia, nami nikabaki nimechutama pale, bila kuhema, na tumbo langu dogo.