Tarehe Mzigo Ulipotoka

Miaka ya ujamaa nilikuwa karani wa duka la kijiji kule Mbalibali, na huko ndiko nilikookota ukaidi wangu. Lori lilitoka mjini na magunia arobaini ya sukari, likafika na thelathini na sita, dereva na utingo wake wakaapa kwa mama zao. Kwa hiyo nikajiwekea kanuni: mzigo uende na hati ya kupelekea, na ankara isiandikwe mpaka hati irudi ina saini ya aliyepokea. Ng'ombe hahesabiwi akiwa porini. Katika vitabu vyangu halikuwahi kupotea gunia, na nilijivuna kwa hilo kuliko ilivyofaa.

Ujamaa ukaisha, duka likafungwa, kanuni nikabaki nayo. Kodi ya ongezeko la thamani ilipokuja, nilikuwa karani mkuu wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Tarime, nina mvi, na kitabu changu cha ankara hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Tajiri akamwajiri mwanamke wa Kemambo, mjane mwenye watoto watatu, aliyesomea uhasibu. Kazi yake ilikuwa kujumlisha ankara zangu na kujaza ritani, fomu ya kutangaza kodi ya kila mwezi. Aliniita tata, kama tunavyowaita baba zetu. Mimi sikumpenda. Alijua mambo ambayo sikuyajua, na hiyo ilitosha.

Mwaka mmoja tulipata oda ya saruji na mabati ya kambi ya watalii upande wa Natta. Lori lilitoka kwetu tarehe ishirini na tisa Juni, likavunjika springi njiani. Hati ilirudi na saini tarehe nne Julai, na siku hiyo hiyo nikaandika ankara, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Yule mama akaiona. "Tata, hii ni ya Juni."

"Huoni tarehe? Imeandikwa Julai."

"Kodi haingoji saini. Mzigo ukitoka, au ankara ikiandikwa, au pesa ikiingia, kinachotangulia ndicho kinachoshika mwezi. Hapa mzigo ulitangulia."

"Na ningeandika kabla hata lori halijapakiwa?"

"Hapo ankara ingetangulia, na kodi ingeanzia kwenye ankara, hata kama saruji bado iko stoo. Tata, ritani ya Juni haijaenda. Tuna mpaka mwisho wa mwezi huu. Niruhusu niiingize."

Alikuwa ananiomba. Ningesema ndiyo, mambo yangeishia hapo. Badala yake nikacheka kwa sauti, wapakiaji wasikie. "Haraka haraka haina baraka, mama. Wewe hukuwepo magunia yalipokuwa yakipotea." Kisha nikaenda kwa tajiri na kumwambia kwamba hesabu za huyu mama hazitaki kulingana na kitabu changu. Tajiri hakuuliza mengi. Akamwamuru ritani ifuate kitabu. Akajaza kama alivyoamriwa, mauzo yale yakaingia Julai, na chini akaweka saini yake.

Wakaguzi walikuja mwaka uliofuata. Mmoja wao, kijana mpole, aliomba hati za kupelekea mizigo pamoja na ankara, akazipanga mbili mbili juu ya kaunta. Alipofika kwenye ile ya Natta akasimama. Mzigo umetoka Juni, akasema, kodi imetangazwa Julai, kwa hiyo ritani ya Juni ilipungua na kodi ililipwa kwa kuchelewa mwezi mzima. Kuna adhabu, na kuna riba. Akaendelea kupekua, akapata nyingine za namna hiyo, zote zimeandikwa baada ya mwezi kugeuka, zote kwa mwandiko wangu. Saruji haikuibiwa, kodi haikufichwa. Ni tarehe tu, na kila tarehe ilikuwa yangu.

Tajiri alikuwa amevimba kwa hasira. "Nani alijaza ritani hizi?"

Saini ilikuwa ya yule mama, nayo ilionekana. Akanitazama. Hakunishtaki, alinisubiri tu. Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni: tajiri, aliniambia, nikamcheka, nikaja kwako kumchongea. Nilifikiria umri wangu, na kazi nyingine nitaipata wapi. Nikainama, nikajifanya natafuta kalamu.

Alifukuzwa kabla ya saa sita. Nasikia watoto wawili walirudishwa Kemambo kwa bibi yao na shule wakaiacha. Mimi nilibaki duka lile miaka mingine minane, nikiandika ankara siku lori linapotoka, kama alivyotaka, na tajiri akinisifu mbele ya wageni kwamba mzee huyu ana kichwa cha kujifunza.

Mchana ule alipofukuzwa, akiwa na kikapu chake mkononi, yule mama alipita mbele ya meza yangu. Mila haikumruhusu kumpita mtu wa rika la baba yake kimya.

"Shikamoo, tata," akasema.

Nikaitikia, "Marahaba."