Jati, Jadi na Binti wa Jirani

Juzi nilishuka stesheni ya Seven Hills, huku ughaibuni, miguu yenyewe ikanipeleka mtaa wetu wa zamani. Ua wa bati bado upo, rafiki yangu, ila upande wa pili hakuna tena harufu ya haradali ikikaangwa.

Wakati wa lokdauni nilikuwa sekondari, na somo la dini lilikuwa linanitoa jasho. Mama alishinda kazini akihudumia wazee. Mwalimu wangu akawa jirani, babu Mhindi wa Kigujarati, mzaliwa wa Kisumu. Nikimsemesha Kiingereza, ananikata: "Sema Kiswahili, wewe! Kiingereza nakisikia kwenye runinga kutwa." Mkewe, niliyemwita Bibi, alitupitishia mihogo yenye pilipili juu ya ua.

Alinieleza varna nne, yaani matabaka ya Kihindu: makuhani na walimu, watawala na askari, wafanyabiashara na wakulima, na watumishi. Nje kabisa waliwekwa walioitwa wasioguswa, ambao wengi leo hujiita Dalit. Lakini maisha, alisema, huendeshwa zaidi na jati, makundi mengi mno ya kuzaliwa ambayo kwa desturi huoana yenyewe kwa yenyewe. Mimi nikaandika "jadi". Alicheka hadi machozi! "Umekosea," akasema, "lakini hukwenda mbali."

Kisha hatua nne za maisha: mwanafunzi, mwenye nyumba, mzee anayejitenga na shughuli, na aliyeacha vyote, kila moja na dharma yake, yaani wajibu. "Hayo waliwaandikia wanaume wa varna za juu," Bibi akadakia. "Sisi nani alituuliza?" Babu alikubali. Wahindu wenyewe wamebishana tangu kale, alisema: wapo wanaoshikilia kwamba varna ni tabia na matendo, si kuzaliwa; waimbaji wa kale wa nyimbo za Mungu, mfumaji na mshona viatu miongoni mwao, waliikataa jati; na Dalit wengi husema tafsiri tamu haitoshi, mfumo wenyewe ung'olewe.

Maneno matamu, jamani! Kumbe binti yao aliishi Mount Druitt, vituo vichache tu vya treni kutoka kwetu, na Babu alimkataza kukanyaga nyumbani kwa sababu aliolewa na Mdalit. Bibi alininong'oneza hayo siku moja, akilia.

Bibi akashikwa na korona, akafia hospitali. Kwa desturi yao kuwasha moto wa maiti ni wajibu wa mwana wa kiume, na wa kwao alikuwa London, mipaka imefungwa. Kuhani akasema kwa simu kwamba binti anaweza. Babu akanung'unika uani, "Jati yetu haifanyi hivyo."

"Babu," nikamwambia, "jadi si huwekwa na watu? Basi watu wanaweza kuiacha."

Jioni nikamsikia akimpigia binti yake simu.

Tulitazama mazishi kwenye simu ya Mama. Binti, amevaa nyeupe, alizunguka jeneza, akaweka maua, akabonyeza kitufe cha tanuri. Kisha akamgeukia baba yake, akasema kwa Kiingereza, "Baba, ungeniita wakati Mama alipokuwa hai."

Babu alihamia kwa binti yake, na nyumba ikauzwa. Siku hizi hakuna anayenikaripia niseme Kiswahili, na mihogo ile sijaionja tena. Mtihani wa dini niliupita. Swali la wajibu nililijibu vizuri mno. Bibi alikufa bila kumwona binti yake.