Salamu Ilisubiri Chaja

Siku ya soko pale Soni umeme ulikatika, nikawa nachaji simu kumi na mbili za watu kwa jenereta kibandani kwangu. Mara taa ya mlangoni ikaanza kufifia, kisha kuwaka kupita kiasi. Petroli ilikuwa inaisha, na umeme ukicheza hivyo huunguza chaja. Hapohapo akaingia mama mkwe kufuata simu yake. Kwetu mkwe husalimiwa kwanza, hata nyumba ikiungua. Mimi nikamgeuzia mgongo, nikachomoa chaja kwa mikono miwili kama mvunaji aliyeona mvua, huku nikicheka ovyo. Ya mwisho ilipotoka, jenereta ikazimika. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba baadaye," akasema. "Yangu umeiwahi?"