Tiketi Tisa za Yordani

Mimi Rhoda naandika CV za watu hapa Handeni, karibu na stendi, na maneno matamu sina. Anayetaka kubembelezwa aende kwa mama yake.

Yordani alikuja Jumanne kutoka Korogwe. Miaka sita amehudumia kompyuta za hospitali moja binafsi kule, na mkataba ulikuwa unaisha mwezi huohuo. Mkewe Justa na watoto wako Kwaluguru, wanamtegemea yeye tu. Kampuni moja ya mikopo hapa mjini ilitangaza kazi ya msaada wa kompyuta.

"Dada Rhoda, nikikosa hii nimekwisha," alisema.

Nikaweka tangazo upande mmoja, CV upande mwingine. Cheti cha CompTIA A+ ambacho hakijaisha muda: anacho, mpaka mwakani. Mifumo: Windows, Active Directory, Microsoft 365. Yote ameihudumia, nikaiandika kwa majina yaleyale ya tangazo, na watumiaji wake mia moja na arobaini. Mambo safi! Nikafika kwenye tiketi, yaani kila tatizo la kompyuta lililoandikwa kwenye mfumo na kufungwa likishatengenezwa: angalau mia na hamsini kwa mwezi, zithibitishwe kwa ripoti ya mfumo.

Akatoa ripoti. Tisa.

"Tisa kwa siku?"

"Kwa mwezi, dada."

Kumbe kule daktari akikwama anapiga simu tu, "Yordani, njoo," naye huyo. Kumwambia mtu mzima uliyemwamkia shikamoo asubuhi ajaze tiketi kwanza, aliona haya. Akirudi ofisini anamsimulia mwenzake Kasmiri alichotengeneza, na Kasmiri, ambaye hajanyanyuka kitini, anaingiza tiketi na kuifunga kwa jina lake. Mfumo unamhesabia aliyefunga.

"Wewe ni mjinga," nikamwambia, na hasira ilinipanda kweli. "Niandike mia na hamsini?"

"Ripoti itanisuta. Andika tisa, halafu ueleze."

Nikaeleza, nikaweka na namba ya simu ya matroni wa hospitali, wamuulize. Sikumwambia kwamba jana yake Kasmiri alikaa mbele yangu kwenye kiti hichohicho, akiomba kazi hiyohiyo. Tiketi mia na themanini na nne kwa mwezi, nami nilizipandisha juu kabisa ya ukurasa kwa maandishi mazito. Sasa nilijua zilikuwa za nani. Lakini mteja ni mteja.

Yordani hakuitwa hata kwenye usaili. Walichuja kwa namba, maelezo yangu hakuna aliyeyasoma. Kazi akapata Kasmiri.

Mwezi uliofuata Yordani alikuwa kwangu akitoa nakala za vyeti, simu yake ikaita. Kasmiri. Sauti ilisikika mpaka kwangu: akaunti ya meneja imejifunga, akiifungua inajifunga tena.

"Amebadilisha nenosiri?" Yordani akauliza taratibu. "Angalia simu yake ya mkononi. Barua pepe humo bado inatumia la zamani."

Tukasubiri.

"Imekubali, kaka! Ngoja niingize tiketi."

Akakata, hata asante hakusema. Yordani akaniomba nakala mbili zaidi.