Tangazo la Dorothée kwa Waliongoja Kazi ya Maji

Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, lakini pale Baraka, mji wa kando ya ziwa, kila mtu aliendelea kumwita Dorothée, na wenye adabu walimwita Mama Dorothée, ingawa hakuwa na mtoto wala mume. Alikuwa na kazi. Mradi wa kuleta maji ya bomba ulimkabidhi shughuli yote ya kutafuta wafanyakazi, na waombaji walikuwa wengi, kutoka Fizi, Lulimba, hata Minembwe milimani kwa wachunga ng'ombe.

Mmoja wao alikuwa Anatole, fundi bomba. Huyo alikuwa amemwambia Dorothée waziwazi: nikipata kazi hapa, nitatuma wazee kwenu wakupose. Nisipopata, nitapanda boti kwenda Kalemie. Dorothée alikuwa amengoja maneno hayo tangu ujana wake, na sasa yalikuwa yamefungwa kwenye kazi ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeitangaza. Alikwenda kwa directeur Albert, mkuu wa mradi, akamweleza, ili siku ya majaribio Albert ampime Anatole na yeye akae pembeni. Albert alicheka, akakubali.

Majaribio na majibu yalikuwa yawe mwezi wa tano. Mwezi wa tano ukafika, mabomba yakiwa bado bandarini Kalundu, na ruhusa ya kulipa mishahara ikiwa bado haijasainiwa Bukavu.

"Andika tu 'mungoje'," Albert alisema. "Ukibaambia sababu, batakimbia bote."

"Kama tunanyamaza, ndiyo batakimbia, Directeur. Tena batatutukana."

Akaandika. Huko waombaji wa mbali walipata habari kanisani na sokoni, basi tangazo lilipaswa kueleweka na mtu anayelisikia mara moja tu:

"Kwenu nyote mlioomba kazi ya maji. Tulisema majaribio na majibu yatakuwa mwezi huu. Hayatakuwa, na tunaomba radhi. Mabomba yako Kalundu, ruhusa ya mishahara iko Bukavu. Hakuna aliyekataliwa, hakuna aliyechukuliwa. Tunatumaini kufanya majaribio mwezi wa nane. Tarehe ikibadilika, tutawaambia mwisho wa mwezi wa saba. Karatasi zenu tunazo, msilete nyingine. Kazi hii tunaitaka kama ninyi mnavyoitaka, na mikono yenu tunaihitaji."

Hapo kalamu ikasimama. Lilibaki neno moja la haki, na neno hilo lilimchoma. Angeliacha, nani angejua? Anatole angebaki Baraka, akila ugali wa madeni, akingoja. Lakini wangebaki na wengine pia, wenye watoto. Akaliandika kwa haraka: "Mwenye kupata kazi nyingine aichukue. Nafasi yake katika majaribio haipotei. Aje tu bureau, ofisi ya mradi, atuambie anapatikana wapi."

"Hii ya mwisho unaweka ya nini?" Albert aliuliza.

"Sababu batoto babo habawezi kungoja Bukavu."

Jumapili, baada ya misa, katekista Nicolas alisoma. Dorothée alikaa upande wa wanawake, akaangalia kisogo cha Anatole upande wa wanaume. Neno la mwisho liliposomwa, kisogo kile kiliinama. Alijua hapo hapo kwamba ataondoka.

Jumatatu Anatole alisimama mlangoni na mfuko begani.

"Tangazo ilisema tukuje kuambia," alisema. "Mi nitakuwa Kalemie, kwa dada yangu Suzanne."

Dorothée aliandika.

"Mwezi ya nane ni kweli?"

"Ni tumaini, Anatole. Siwezi kukupa mwezi ingine kuliko ile nilibapatia bote."

"Sikuomba mwezi. Nilitaka uniambie nibaki."

Baki! Neno lilikuwa pale, fupi, tayari. Lakini abaki ale nini? Mkono mtupu haulambwi, na yeye ndiye aliyeujua ukweli wa yale mabomba kuliko wote.

"Enda," alisema. "Nitakutumia habari."

Mwisho wa mwezi wa saba aliandika tangazo la pili, kwamba wa nane umekuwa wa kumi na mbili. Nakala moja aliitia kwenye boti ya Kalemie, sawa na ya wengine, neno kwa neno. Hakuna jibu lililorudi. Jioni alizoea kupita ziwani akijisingizia kununua samaki wadogo wa ndagala, na boti ikitia nanga alikuwa akitazama miguu ya wanaoshuka.

Majaribio yalifanyika kweli mwezi wa kumi na mbili, na watu walikuja wengi kuliko Albert alivyotegemea. Wa Minembwe waliteremka kwa miguu. "Ulisema kweli, Mama, ndiyo tumerudi," mmoja alimwambia.

Kanuni aliiweka mwenyewe: jina linaitwa mara moja, asiyekuwepo anapitwa. Alifika kwa Anatole. Akaita. Akangoja, akaita tena, na Albert akageuza uso kama asiyesikia. Akaita mara ya tatu, polepole, akiangalia barabara ya ziwani.

Kisha akasoma jina lililofuata.